Sungura Anayejua Kushoto Tu

SALIM: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo nina karatasi yenye mambo matatu ya kufundisha, lakini dada Neema ameingia na jambo lake kifuani, kwa hiyo aanze yeye.

NEEMA: Lilinikuta Jumanne. Lile gemu langu la sungura mnalijua. Kwenye laptopu yangu ya zamani sungura anavuka skrini ya pikseli 800 kwa sekunde mbili. Nikalijaribu kwenye kompyuta mpya ya binamu yangu. Nabonyeza mshale wa kulia, sungura haonekani. Nikadhani picha imekataa kufunguka. Nabonyeza wa kushoto, kitu cheupe kikapita kama umeme.

SALIM: Kumbe alikuwa ameshatoka nje ya skrini.

NEEMA: Zamani! Nikaweka mstari wa kuhesabu lupu inazunguka mara ngapi kwa sekunde. Kwangu mara 80, kwa binamu mara 900. Na mimi niliandika sungura asogee pikseli 5 kila mzunguko. Kwangu zinakuwa pikseli 400 kwa sekunde, kwake 4,500. Skrini nzima anaimaliza kabla robo ya sekunde haijafika.

SALIM: Hapo ndipo wengi wanapokwama. Lupu ya gemu haina breki. Ikishachora inarudi juu papo hapo, na prosesa yenye nguvu inairudisha haraka zaidi. Wewe hukumpa sungura mwendo, ulimpa hatua tu. Hatua ngapi kwa sekunde, uliiachia kompyuta iamue.

NEEMA: Ndiyo nikaenda kwenye `pygame.time.Clock`, saa ya Pygame, ile maktaba ya Python niliyoandikia gemu. Mistari yenyewe tunaiacha hapa kwenye nakala ya kipindi:

```python
saa = pygame.time.Clock()   # mara moja, kabla ya lupu

# ndani ya lupu
dt = saa.tick(60) / 1000
sungura.x += 400 * dt
```

`tick(60)` inafanya kazi mbili. Kwanza inasubiri, ili fremu, yaani mizunguko ya lupu, zisizidi takriban 60 kwa sekunde. Pili inakurudishia milisekunde zilizopita tangu ulipoiita mara ya mwisho. Ukigawa kwa 1000 unapata sekunde. Sasa 400 ni mwendo wa kweli, pikseli kwa sekunde, kompyuta iwe ya nani.

SALIM: Ukapona.

NEEMA: Sikupona. Kule kwenye gemu kuna sehemu sungura ananyata ili mbwa asimsikie, pikseli 50 kwa sekunde. Nabonyeza kulia, hasogei hata kidogo. Nabonyeza kushoto, anakwenda vizuri tu.

SALIM: Anajua kushoto tu?

NEEMA: Kushoto tu, kaka! Nilikaa na sungura huyo hadi usiku. Nikakagua vitufe, nikakagua ukuta, kila kitu sawa.

SALIM: Ngoja. Huyo `sungura` ni `Rect`?

NEEMA: Ni `Rect`.

SALIM: Basi nimeshamjua mwizi. `Rect`, ule mstatili wa Pygame unaoshika mahali alipo, inatunza namba kamili peke yake. Fremu moja ni kama sekunde 0.016, ukizidisha kwa 50 unapata pikseli 0.8. Sungura yuko 100, unamwongezea 0.8 anakuwa 100.8, `Rect` inakata desimali, anarudi 100. Fremu inayofuata hivyo hivyo, hata akinyata mwaka mzima. Akienda kushoto, 100 kutoa 0.8 ni 99.2, inakatwa inabaki 99. Amesogea pikseli nzima!

NEEMA: Na hata huko kushoto anadanganya. Anapata pikseli 1 kila fremu badala ya 0.8, kwa hiyo anakwenda 60 na kitu kwa sekunde, wakati nimemwambia 50. Nikarudi kumpima anapokimbia. Kulia anasogea pikseli 6 kwa fremu, kushoto 7, na zilitakiwa 6.4 kote. Muda wote alikuwa anapendelea kushoto, ila kwenye mbio huwezi kuona.

SALIM: Sungura wa kushoto huyu kanifurahisha. Ukimtuma dukani mwambie duka liko kushoto.

NEEMA: Dawa yake ni kutunza mahali alipo kwenye kigeu chenye desimali, kisha `Rect` unaipa nakala tu:

```python
x += mwendo * dt
sungura.x = round(x)
```

Zile 0.8 zinajikusanya ndani ya `x` bila kupotea. Sasa anajua na kulia.

SALIM: Haya, na mimi niseme langu. Ungeacha pikseli 5 kila fremu, ukaweka `saa.tick(60)` mwishoni mwa lupu bila `dt`, sungura wa kushoto asingezaliwa. 5 ni namba kamili. Kwa gemu dogo inatosha.

NEEMA: Haitoshi. `tick` inazuia lupu kwenda haraka, haiwezi kuisukuma inayochelewa. Kompyuta ikimudu fremu 30 tu, sungura wako anatembea nusu ya mwendo. Ugonjwa ni uleule wa Jumanne, umegeuzwa tu.

SALIM: Lakini mbwa naye anapungua nusu, na kila kitu pamoja naye. Mchezo unakuwa mzito, ila ni mchezo uleule. Wewe na `dt` yako, sungura anaruka juu kiasi gani?

NEEMA: Anaanza na pikseli 600 kwa sekunde, mvutano unampunguzia 1500 kila sekunde. Kwa hesabu anafika 120.

SALIM: Kwa hesabu ya karatasi. Wewe kila fremu unapunguza mwendo kwanza, ndipo unamsogeza. Kwa fremu 60 atafika 115, kwa fremu 30 atafika 110. Ukiweka jukwaa kwenye pikseli 112, mwenye kompyuta nzito halifikii maisha yake yote. Mimi kwangu kila mtu anaruka palepale.

NEEMA: Jukwaa nitalishusha. Mchezaji anayesubiri sungura anayejikokota nitamwambia nini?

SALIM: Na yule aliyekwama chini ya jukwaa utamwambia nini? Hujui majukwaa mangapi utayashusha.

NEEMA: Kaka Salim, hiyo `tick(60)` unayoitegemea yenyewe inasubiri milisekunde 16 kamili, siyo 16.67. Ita `saa.get_fps()` uone, inakupa karibu 62.5. Pikseli zako 5 si 300 kwa sekunde, ni 312.

SALIM: Ni 312 kwa kila mtu! Hilo ndilo ninalolitaka.

NEEMA: Kwa kila mwenye kompyuta nzuri.

SALIM: Sikubali.

NEEMA: Na mimi sikubali. Ile karatasi yako je?

SALIM: Dakika zimebaki mbili. Nilitaka tuzungumzie ukilivuta dirisha la gemu kwa kipanya, kwenye Windows lupu inasimama, halafu `dt` inakuja na sekunde tatu kwa mpigo na sungura anapita ndani ya ukuta.

NEEMA: Hilo kwa ufupi, `dt = min(dt, 0.05)`, fremu moja isizidi hapo. Mengine?

SALIM: Kuita `tick` mara mbili ndani ya lupu moja, halafu hatua za muda usiobadilika. Hilo la mwisho linagusa ugomvi wetu wa leo, haliingii kwenye dakika moja.

NEEMA: Basi libaki. Mimi nataka kwanza nilipime jukwaa la 112 kwenye laptopu yangu.

SALIM: Lipime kwa fremu 30. Na liweke upande wa kushoto, huko anakujua.