Saa Yako, Saa ya Mteja na Tarehe ya Fedha Kuingia

Asanteni kwa kuja. Mimi ni mfasiri, nakaa Tanga, na wateja wangu wawili wakubwa wako New York na London. Leo sitazungumzia namna ya kupata wateja. Nitazungumzia barua moja tu, ile unayomwandikia mteja kabla hujagusa kazi yake: utapatikana saa ngapi, utalipwaje, na likitokea la kutokea itakuwaje.

Naanza na saa, maana hapo sisi Waswahili tuna mtego wetu wenyewe. Sisi tunahesabu saa tangu alfajiri. Saa tatu asubuhi kwetu ni 09:00 kwenye simu. Mdogo wangu mmoja niliyekuwa nikimfundisha kazi alimwandikia mteja kwa Kiingereza kwamba anapatikana saa 3 mpaka saa 11. Kichwani alikuwa na maana ya asubuhi mpaka jioni. Mteja akasoma saa tisa alasiri mpaka saa tano usiku, akamtafuta usiku na asimpate, akaona hapa hakuna mtu wa kutegemea. Kazi ikaenda kwa mwingine. Kwa hiyo katika barua hii weka kando saa za kusema, andika tarakimu za saa 24, na mbele yake uweke eneo la saa: 09:00–17:00, UTC+3. Hiyo UTC+3 ndiyo saa yetu, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, mwaka mzima.

Nimesema mwaka mzima makusudi. Sisi hatusogezi saa. Wao wanasogeza, tena si siku moja. Mwaka huu wa 2026, Marekani walisogeza mbele Jumapili ya tarehe 8 Machi. London walisogeza tarehe 29 Machi. Kwa wiki tatu katikati, New York ilikuwa nyuma yetu kwa saa saba badala ya nane, na London bado ilikuwa nyuma kwa saa tatu kama kawaida. Mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba mambo hugeuka tena, safari hiyo London wakitangulia kurudisha saa nyuma. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hilo. Nilikuwa na kikao na mteja wa New York kila Jumatatu saa kumi na mbili jioni, na Jumatatu moja ya Machi nikaingia nikakuta kimekwisha. Mteja hakuwa amebadilisha chochote, kwake ilikuwa saa nne asubuhi ileile. Tangu siku hiyo, kikao chochote nakiandika kwenye kalenda ya simu kwa saa za mji wa mteja, America/New_York, na kuiacha kalenda yenyewe inifanyie hesabu.

Sasa chukua maneno ambayo wateja wanayapenda mno: "Ijumaa mwisho wa siku ya kazi." Ya wapi? Ijumaa tarehe 13 Machi, saa kumi na moja jioni ya New York ilikuwa kwetu saa sita kamili ya usiku wa kuamkia Jumamosi. Wiki moja kabla yake, saa hiyohiyo ya New York ilikuwa kwetu saa saba usiku. Na ukitaja "usiku wa Ijumaa" nyumbani kwetu pwani, wazee wanaelewa usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, maana siku kwao inaanza jua linapozama. Basi mteja akinipa muda wa namna hiyo, namrudishia kwa sentensi moja: "Nimeelewa ni Jumamosi 14 Machi 2026, 00:00, UTC+3, yaani Ijumaa 13 Machi, 17:00 ya New York." Mwezi nauandika kwa jina. Ukiandika 4/3, wewe unasoma tarehe nne Machi, Mmarekani anasoma tarehe tatu Aprili.

Tuje kwenye fedha, na hapa nitakaa kidogo.

Wateja wengi wa nje hulipa kwa siku 30 baada ya ankara. Hilo halina ubaya, ubaya ni kutouliza siku 30 zinaanza lini. Nilituma ankara tarehe 2 Machi nikijua italipwa tarehe 1 Aprili, na kodi ya nyumba nikaipangia hapo. Idara ya fedha ya kampuni ile ilikuwa ikihesabu kutoka mwisho wa mwezi wa ankara. Fedha zilitoka tarehe 30 Aprili. Hakuna aliyenidhulumu, utaratibu wao ulikuwa huo siku zote, mimi ndiye sikuuliza. Siku hizi naandika: "Siku 14 tangu tarehe iliyoandikwa juu ya ankara." Akikataa, tunazungumza, ila tunazungumza kabla ya kazi.

Mteja mpya namwomba nusu kabla ya kuanza. Asiyeweza, namgawia kazi vipande: kurasa kumi za kwanza, ankara yake, ikilipwa ndipo kumi nyingine. Anayekataa yote mawili simfanyii kazi, na sijutii.

Kisha kuna makato. Niliwahi kuandika ankara ya dola 400 zikanifikia dola 368. Mteja alikuwa na risiti ya 400, na alikuwa mkweli. Fedha zikitumwa benki kwa benki kupitia SWIFT huweza kupita kwenye benki ya katikati, nayo ikachukua chake. Anayetuma huchagua nani abebe gharama: OUR ni mtumaji, BEN ni mpokeaji, SHA ni kugawana. Usipotaja, mara nyingi inakuwa SHA, nawe unakutana na pengo. Mimi nataja OUR kwenye ankara, na chini yake naandika sarafu na kiasi kinachotakiwa kufika. Kwa kazi ndogo ya dola hamsini sikubali njia hiyo kabisa, natafuta njia yenye makato madogo na kuyajua mapema.

Limebaki suala la kutegemewa. Wengi huandika "napatikana saa 24." Msiandike. Mteja atakujaribu saa nane usiku, na hutaamka. Mimi naahidi kujibu ndani ya saa nne za muda wangu wa kazi, na siku ya pili asubuhi kwa barua iliyoingia usiku.

Umeme nina betri ya akiba. Intaneti nilikuwa na laini mbili za kampuni mbili, nikaamini nimemaliza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikapata hitilafu kwa pamoja, na laini zangu zote mbili zikawa za kusuasua. Laini ya pili inakuokoa mnara wa jirani ukizimika. Kampuni zote mbili zikitegemea nyaya zilezile za baharini, haina la kukusaidia. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa na namba ya simu ya mteja, nikamtumia ujumbe mfupi wa kawaida: kazi imekamilika, mtandao wa nchi una tatizo, nitaituma mtandao utakaporuhusu. Akanijibu baada ya dakika chache kwamba ataniongezea siku mbili.

Baada ya hapo niliongeza mistari miwili kwenye barua yangu. Mmoja unamwomba mteja namba ya simu ya dharura. Wa pili nimeuandika kwa ajili yangu mwenyewe: kazi ya saa sita usiku naituma saa kumi na mbili jioni, jua likiwa bado halijazama.