Umefuta saa mbili asubuhi, simu imeshatunza saa nane usiku

Zuhura: Karibuni tena. Leo nina kisa cha shangazi yangu. Jumamosi saa tatu usiku alikuwa anamtumia binti yake picha ya kitambulisho cha NIDA, mkono ukateleza, ikaenda kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Watu mia na zaidi! Akalala bila kujua. Asubuhi saa mbili ndiyo akaiona, akafuta kwa wote.

Juma: Pole yake. Lakini si alifuta? WhatsApp inakupa kama siku mbili hivi za kufuta kwa wote.

Zuhura: Alifuta, na kila mtu akaona maandishi kwamba ujumbe umefutwa. Akashusha pumzi. Mimi nikamwambia, shangazi, ile picha haikuwa moja. Ukituma kwenye grupu, kila simu inapokea nakala yake. Ukifuta, WhatsApp inazipelekea simu hizo agizo: ondoeni ujumbe huu. Agizo hilo linaishia ndani ya WhatsApp. Kilichokwisha kutoka humo halikifuati.

Juma: Kinatokaje, kama hakuna aliyekusudia kukitoa?

Zuhura: Hapo ndipo pananiuma, kwa sababu watu wanawaza skrinshoti tu. Chukua simu ya Android. Kila siku saa nane usiku WhatsApp inaandika bakapu ya mazungumzo kwenye simu yenyewe, na inatunza za siku saba zilizopita. Shangazi alituma saa tatu usiku, akafuta saa mbili asubuhi. Katikati saa nane ilipita.

Juma: Kwa hiyo bakapu ya usiku ule ina ujumbe wake.

Zuhura: Kwenye simu za waliokuwa wameupokea, ndiyo. Mtu akiondoa WhatsApp akaiweka upya kwa kurudisha bakapu ile, ujumbe unaweza kurudi. Angefuta saa tano usiku, njia hiyo ingekuwa imezibwa.

Juma: Na picha yenyewe?

Zuhura: Picha ina njia yake nyingine. Wengi wameruhusu picha za WhatsApp zijishushe zenyewe, halafu wameiambia Google Photos itunze na folda hiyo mtandaoni. Picha ikishapanda kule, kuifuta WhatsApp hakuigusi. Kwenye aifoni nayo, aliyeruhusu picha zihifadhiwe kwenye albamu ya simu anabaki nayo, na WhatsApp wenyewe wanalisema hilo. Mwenye simu hana kosa, pengine hata hajui kwamba anayo.

Juma: Dada, vipi kile nilichoweka hadharani, tuseme Facebook?

Zuhura: Pale kuna seva za kampuni. Ukifuta akaunti yako, unapewa siku 30 za kughairi, na Facebook wanasema kuondoa vyote kunaweza kuchukua hadi siku 90 tangu kazi ya kufuta ianze, na nakala zinaweza kubaki kwenye bakapu zao baada ya hapo. Hizo bakapu ni za kujikinga na hitilafu, jirani yako hazioni. Kwa ukurasa ulio wazi kwa kila mtu, mimi ningeangalia pia web.archive.org, maktaba inayotunza nakala za kurasa za mtandao. Bandika anwani ya ukurasa wako uone kama kuna tarehe zilizotunzwa. Ukiikuta nakala yako, waandikie info@archive.org uombe iondolewe. Ila haiingii kwenye grupu lako la WhatsApp, kwa hilo usihangaike.

Juma: Shangazi angefanyaje pale pale?

Zuhura: Kabla ya kufuta, abonyeze ujumbe wake kwa sekunde chache, afungue taarifa za ujumbe. Atawaona waliosoma kwa majina. Hata mtu aliyezima zile tiki za bluu, kwenye grupu anaonekana. Apige picha ya skrini ya orodha hiyo, afute, kisha awafuate mmoja mmoja: naomba uangalie albamu yako na Google Photos, ufute na kwenye pipa la taka. Ukiliomba grupu zima kwa tangazo, utawaita na wasioiona waanze kuitafuta.

Juma: Ila kama mmoja ameshaipiga skrinshoti, WhatsApp haimwambii shangazi.

Zuhura: Haimwambii. Ndiyo maana tulihama kwenye picha tukaenda kwenye namba iliyoandikwa juu yake, kwa kuwa namba ya NIDA ndiyo inayosajili laini. Shangazi akapiga *106#, akaziangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Alikuta mbili, zote zake. Sasa anaipiga kila mwisho wa mwezi, na akiona laini asiyoijua, anakwenda dukani kwa mtandao husika akiwa na kitambulisho mkononi.