Vikombe Vitatu, Vyote Kichwa Chini

Waliozoea karata za barazani wanaijua kopa. Neno hilo tumelipata kwa Wareno, na kwao maana yake ni vikombe. Kwa hiyo vikombe vya taroti, karata za kutazamia, si wageni kwetu: ni kopa ile ile, nyumba ya mapenzi.

Juzi alinijia dada mmoja ambaye mumewe yuko Maskati. Simu zimepungua, anataka kujua kama bado anamjali. Nikamtandazia karata tatu: hali yenu, mwenendo wake, mnakoelekea. Zilikuwa zile alizochora Pamela Colman Smith, zilizotoka London mwaka 1909.

Ya kwanza ikaja Vikombe Viwili, kichwa chini. Mchoroni mwanamume na mwanamke wanapeana vikombe. Ikipinduka, mimi sisomi kwamba penzi limekufa. Nasoma kwamba kutoa na kupokea havilingani. Nikamuuliza, "Nani hupiga simu?" Akasema, "Mimi, kila usiku." Basi hapo karata imepata pa kushika.

Ya pili, Mpanda Farasi wa Vikombe, naye kapinduka. Waite, aliyesimamia michoro hiyo, aliandika kwamba akiwa hivi ni hila na udanganyifu, na wasomaji wengi hukurupuka hapo: "Ana mwingine!" Karata moja haibebi shtaka zito hivyo. Mtazameni yule farasi: hata akiwa wima anakwenda taratibu, kikombe kimenyooshwa mbele. Akipinduka, neno limetoka lakini safari haijaanza. Dada akakiri kwamba mume alisema atakuja Ramadhani, kisha akasema baada ya Idi, kisha kimya. Ila pesa ya matumizi inafika kila mwisho wa mwezi.

Ya tatu ndiyo ngumu. Vikombe Vinane vinamwonyesha mtu akiviacha vikombe vyake usiku, mwezi ukimtazama. Vikipinduka vina njia mbili: anarudi, au anataka kuondoka na hawezi. Karata yenyewe haikwambii ni ipi. Jirani yake ndiye anayeamua. Na jirani hapa ni mpanda farasi asiyesogea. Nikasoma kwamba hajaondoka, na wala haji.

Sasa jambo dogo linaloharibu usomaji mwingi. Ukiifunua karata kwa kuishika juu na kuiangusha kuelekea kwako, unaipindua mwenyewe. Ifunue kwa ubavu, kama ukurasa wa kitabu. Nikiona zote tatu zimepinduka, kwanza naangalia zilizobaki mkononi: zikiwa nazo zote kichwa chini, basi niliishika seti vibaya, na hakuna la kusoma. Safari hii zilikuwa zimechanganyika.

Dada akaomba nichanganye tena, pengine zitakuja wima. Nikakataa, maana karata hazimwoni mtu aliyeko Maskati, zilichofanya ni kututoa kwenye "ananijali?" na kutufikisha kwenye "likizo yako ni tarehe ngapi?" Alimwandikia hapo hapo mezani, karata bado zimetandazwa.