Moyo Unapoonekana Mkubwa: Maji Kwenye Mfuko wa Moyo kwa Mgonjwa Mwenye VVU

Ndugu wauguzi na matabibu, VVU huudhuru moyo kwa njia nyingi, lakini leo nitakaa zaidi kwenye njia moja, kwa sababu hapo dawa tuliyozoea kuitoa kwa nia njema inaweza kumuua mgonjwa.

Tumchukue mgonjwa wa mfano, mwanamke wa miaka 34, aliyegundulika na VVU wiki hii na ambaye hajaanza ARV. Amepungua uzito, hutokwa na jasho usiku, miguu imevimba, na akilala chali hukosa pumzi. Eksirei inaonyesha kivuli cha moyo kilichotanuka na kuwa cha mviringo kama mtungi. Wengi wetu tungeandika kwamba moyo umeshindwa kazi na kumpa furosemidi ili akojoe maji yaliyozidi.

Picha hiyo ina maelezo mawili, na matibabu yake yanapingana. La kwanza ni ugonjwa wa misuli ya moyo: chumba cha kushoto kimetanuka na kulegea, iwe kwa virusi vyenyewe, kwa uvimbe wa ndani unaosababishwa na kinga, au kwa dawa za zamani kama zidovudini. Huyo furosemidi humsaidia. La pili ni maji yaliyojaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Mfuko huo kwa kawaida huwa na maji yasiyozidi mililita 50, lakini yakiongezeka polepole hutanuka hadi kubeba lita nzima, mpaka ufike pale usipoweza kutanuka tena. Kuanzia hapo ni moyo unaobanwa. Vyumba vya kulia, ambavyo kuta zake ni nyembamba, hushindwa kufunguka kupokea damu, na kinachovifanya vijae hata kidogo ni msukumo wa damu iliyosongamana kwenye mishipa ya vena. Ukitoa furosemidi unauondoa msukumo huo, na shinikizo la damu huporomoka.

Namna ya kutofautisha huanza na mikono na masikio, hata kabla ya mashine. Kwa mgonjwa wetu mapigo ni 124 kwa dakika, mishipa ya shingo imejaa, sauti za moyo zinasikika kwa mbali, na shinikizo ni 90 kwa 70. Muuguzi aliyeishusha hewa ya mkanda taratibu aligundua kwamba namba ya juu hushuka hadi 74 kila mgonjwa anapovuta pumzi. Kushuka kwa zaidi ya 10 ni dalili ya kubanwa, na kipimo hicho hakihitaji zaidi ya subira. Ultrasaundi ya moyo ilithibitisha: maji pande zote, na chumba cha juu cha kulia kikibonyea.

Alitobolewa kwa sindano chini ya kifua, huku ultrasaundi ikiongoza, na yakatoka mililita 900 za maji yenye rangi ya damu. Shinikizo likapanda hadi 112 kwa 76. Penye kifua kikuu kingi, maji ya namna hii kwa mwenye VVU huwa ni kifua kikuu mpaka ithibitike vinginevyo, na kipimo cha vinasaba kikikosa kuona bakteria hakiufuti ugonjwa, kwa kuwa ndani ya maji hayo bakteria ni wachache. Alianza dawa za miezi sita. ARV zikafuata baada ya wiki mbili, na kwa sababu rifampisini hupunguza dolutegraviri mwilini, alipewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja.

Je, aongezewe prednisoloni? Utafiti ulioongozwa na Profesa Bongani Mayosi, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza kukakamaa kwa mfuko wa moyo, lakini haikupunguza vifo, na saratani zinazohusiana na VVU ziliongezeka. Kwa hiyo mimi siitoi kwa mazoea. Maji yakirudi wiki chache baada ya ARV kuanza, huenda ni kinga inayoamka. Rudia ultrasaundi kabla ya kusema dawa zimeshindwa.

Akipona, hatari hubadilika sura. Hata virusi visipoonekana kwenye damu, uchochezi wa kinga hubaki ukiikwaruza mishipa ya moyo. Ndiyo maana utafiti wa REPRIEVE, wa mwaka 2023, uliwapa pitavastatini miligramu 4 kwa siku watu wa miaka 40 hadi 75 wanaotumia ARV, ambao hatari yao ilihesabiwa kuwa ndogo au ya wastani, na matukio makubwa ya moyo na mishipa yakapungua kwa asilimia 35. Mgonjwa wetu atafikisha umri huo baada ya miaka sita. Siku hiyo, kabla ya kumwandikia statini yoyote, soma majina ya ARV zake: akiwa kwenye dawa inayokwenda pamoja na ritonaviri, simvastatini ni marufuku, kwa kuwa hurundikana kwenye damu na kuivunjavunja misuli.