Mchanganuo wa mgahawa: jinsi ya kuandika gharama za kuanzia na mzunguko wa fedha

Karibuni tena. Leo tuko Mwanjelwa, Mbeya, na daftari la mistari, kalamu na kikokotoo cha simu. Tunaandika ule ukurasa wa mchanganuo ambao afisa mikopo huufungua kabla ya mingine yote. Mfano wetu ni mgahawa wa chakula cha mchana wenye meza nne. Bei nitakazotaja ni za mfano, kwa hiyo za kwako kaulize sokoni na kwa mwenye fremu.

Ukurasa wa kwanza, andika vitu unavyolipia kabla ya kuuza sahani hata moja. Kodi ya fremu ni 120,000 kwa mwezi, lakini usiandike 120,000. Mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mkupuo, basi andika 720,000. Majiko, masufuria na vyombo 780,000. Meza na mabenchi 360,000. Rangi, bomba la maji, leseni na kupima afya 140,000. Jumla milioni 2.

Wengi wanafunga daftari hapa. Hata mimi mara ya kwanza niliishia hapo, na wiki ya tatu nikawa nakopa mchele dukani.

Sasa tutafute gharama ya sahani moja. Usikisie, pika. Hapa nimepika kilo moja ya mchele wa Kyela, napakua kwa upawa uleule nitakaotumia kwa wateja. Mnaona? Sahani saba. Ukoko uliobaki chini siuhesabu, maana hauuziki. Kilo nimenunua 2,800, basi wali wa sahani moja ni 400. Nyama na mchuzi wake 850, maharage na mboga 150, mkaa, mafuta na chumvi 200. Sahani inanigharimu 1,600, nauza 2,500.

Tufungue ukurasa wa mzunguko wa fedha. Chora safu moja kwa kila mwezi: juu pesa inayoingia, chini inayotoka, mwisho salio. Sheria ni moja tu: pesa unaiandika kwenye mwezi unaoishika mkononi. Siku uliyopakua chakula haihusiki.

Tunafungua Oktoba, siku 26 za kazi, sahani 30 kwa siku. Kumi kati ya hizo ni za vijana wa gereji ya jirani, wanaokula kwa daftari na kulipa mwezi ukiisha. Mauzo yote ni 1,950,000, lakini 650,000 yako kwa wadaiwa, kwa hiyo Oktoba unaandika 1,300,000. Zinazotoka: chakula 1,248,000, halafu wasaidizi wawili, posho yako mwenyewe, maji, umeme na taka 600,000. Posho yako iandike, la sivyo utaila kutoka kwenye droo na hesabu haitakubali.

Salio la Oktoba ni hasi 548,000. Sahani zenyewe zina faida ya 102,000, ila faida hiyo iko kwenye daftari la madeni. Novemba, kwa sahani 40, zile 650,000 zinaingia, na shimo linapungua hadi 212,000. Desemba sahani zinafika 50, tunatoka shimoni na 358,000.

Chukua kalamu nyekundu, zungushia salio la chini kuliko yote. Hiyo 548,000 ndiyo pesa ya kuendeshea ambayo lazima uwe nayo mkononi siku ya kufungua. Mimi naongeza kidogo, naandika 700,000, kwa sababu kuna siku mvua itanyesha mchana kutwa na chungu kitabaki kimejaa. Kwa hiyo ombi lako ni 2,700,000, siyo milioni 2. Kama sehemu yake ni mkopo, rejesho nalo lipe mstari wake kwenye pesa inayotoka.

Usiishie Desemba. Huku kwetu Januari na Februari pesa ya watu iko kwenye mbolea na sare za shule. Rudisha sahani 30 kwa miezi hiyo miwili, Machi weka 40. Madeni ya gereji yakiendelea vilevile, mwisho wa Machi salio ni 898,000, bila kuhesabu ile laki saba. Aprili mosi mwenye fremu anataka 720,000 zake. Inabaki 178,000.

Na mchele je? Ni rahisi baada ya mavuno ya Mei na Juni, halafu unapanda kuelekea masika. Jaribu kuweka kilo 3,500 kwa Januari na Februari tu. Kila sahani inaongezeka 100, kwa miezi miwili ni 156,000, na salio lako baada ya kodi linakuwa 22,000. Ukiona hivyo kwenye daftari, rudi kwenye mstari wa gereji uandike sahani tano za mkopo badala ya kumi, kisha piga hesabu upya.