Kuandaa mswada wa riwaya uwe kitabu pepe: vichwa, mitindo na Yaliyomo yanayofunguka

Karibuni. Leo tunao mswada wa riwaya yenye sura 14, umeandikwa kwenye Word, na ukiuona kwenye skrini hivi hauna tatizo. Vichwa vya sura viko katikati, vimekozwa, kila sura inaanza ukurasa mpya. Lakini ukiugeuza kuwa kitabu pepe hivi ulivyo, sura tatu zinashikana, aya nyingine zinaruka nafasi, na msomaji akifungua orodha ya sura kwenye simu yake anakuta tupu.

Sababu utaiona nikibofya kitufe hiki cha ¶ pale kwenye Home. Kwenye kibodi ni Ctrl+Shift+8. Ona sasa. Juu ya "SURA YA KWANZA" kuna alama za aya zimepangana kama ngazi, kwa sababu mwandishi alibonyeza Enter mpaka ukurasa ukaisha. Mwanzo wa kila aya kuna vinukta vitano, yaani nafasi tano za kibodi. Na kichwa chenyewe, ukikibofya, Word inakuambia mtindo wake ni Normal, sawa na maneno mengine yote. Kwa macho yetu ni kichwa. Kwa programu inayogeuza faili ni aya fupi yenye herufi kubwa, kwa sababu yenyewe haiangalii ukubwa wa herufi, inasoma jina la mtindo.

Basi kazi yetu ni kufuta mapambo yote ya mkono, kisha kuweka mitindo. Hifadhi kwanza nakala ya faili kwa jina jingine. Na tafadhali fuateni mpangilio huu nilioupanga, kwa sababu ukianza kufagia kabla ya kulinda vitu fulani, utavipoteza na hutajua vilikuwa wapi.

Vya kulinda ni vitatu. Cha kwanza ni mapumziko ya ndani ya sura, pale hadithi inaporuka siku au mahali. Mwandishi wetu ameyaonyesha kwa mstari mtupu tu. Mistari mitupu tutaifuta yote baadaye, kwa hiyo pitia mswada sasa na kila penye pumziko la kweli andika nyota tatu zenye nafasi kati yake: `* * *`. Usiziandike zikiwa zimeshikana, kwa sababu ukibonyeza Enter Word inazigeuza kuwa mstari wa kuvuka ukurasa.

Cha pili ni herufi za mlazo. Katika riwaya hii barua zote na mawazo ya mhusika yameandikwa kwa mlazo, na ufagio wetu utauondoa. Tunauwekea alama. Bonyeza Ctrl+H. Kwenye Find what usiandike kitu, bonyeza Ctrl+I mpaka chini yake pasomeke Font: Italic. Kwenye Replace with andika hivi:

```
[[^&]]
```

Hiyo `^&` maana yake ni "maneno yaleyale uliyoyapata". Bofya Replace All mara moja tu, ukirudia mabano yanaongezeka. Sasa kila kilichokuwa kwenye mlazo kimezungukwa na mabano ya mraba. Ukimaliza bofya ndani ya Find what, kisha No Formatting. Hili husahaulika sana, na kila utakachotafuta baada ya hapo Word itakitafuta kwenye mlazo peke yake, ikuambie hakipo.

Cha tatu ni mashairi, na hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu waandishi wetu wengi huweka beti ndani ya riwaya. Sura ya 6 ina shairi la mistari minne, na mwandishi ametenga ukwapi na utao kwa kubonyeza Tab mara tatu ili vipande visimame kama nguzo mbili. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye simu, msomaji akikuza herufi, utao unakatika na kushuka mstari wa chini, na ubeti hausomeki tena. Ondoa hizo Tab, weka mkato na nafasi moja:

"Bahari nimeivuka, chombo hakina nahodha"

Mkato unatosha kumwonyesha msomaji vipande vinapoachana, na mstari ukikatika kwa udogo wa skrini bado unasomeka. Kati ya mstari na mstari wa ubeti bonyeza Shift+Enter badala ya Enter, ili ubeti mzima ubaki aya moja. Ukiacha Enter, kila mstari utahesabiwa kuwa aya na utaingizwa ndani kama aya za kawaida.

Sasa tunafagia. Bonyeza Ctrl+A kuchagua kila kitu, kisha Ctrl+Shift+N kurudisha yote kwenye Normal, halafu Ctrl+Q kuondoa mapambo ya aya na Ctrl+Space kuondoa mapambo ya herufi. Mswada umekuwa mbaya, ndivyo tunavyotaka. Angalizo moja: kama kitabu chako kina tanbihi, usifagie kizima kwa mpigo, kwa sababu Ctrl+Space inazishusha namba za tanbihi zikae sawa na maneno. Chagua kipande kwa kipande ukiziruka.

Rudi Ctrl+H. Tafuta `^t`, acha Replace with tupu, Tab zote zinaondoka. Tafuta `^m`, fanya vilevile, na mikato ya kurasa iliyowekwa kwa mkono inaondoka. Kisha tafuta nafasi mbili, weka nafasi moja, na rudia Replace All mpaka Word iseme 0. Tafuta `^p` ikifuatwa na nafasi moja, weka `^p`, ili ile nafasi iliyobaki mwanzoni mwa aya nayo iondoke. Mwisho tafuta `^p^p`, weka `^p`, na hiyo nayo irudie. Hesabu ikigoma kwenye 1, ni aya tupu iliyoko mwisho kabisa wa faili, ifute kwa mkono.

Kuna jambo dogo la Kiswahili hapa. Sehemu za mswada zilizonakiliwa kutoka WhatsApp huwa na ng' yenye alama iliyonyooka, na zilizoandikwa kwenye Word zina ng’ yenye alama iliyopinda. Msomaji akitafuta ng'ombe kwenye kitabu pepe, baadhi ya visomeo vitampa nusu tu ya ng'ombe waliomo. Tafuta `ng'`, weka `ng'`, bofya Replace All, na ikiwa kipengele cha smart quotes kimewashwa Word itazifanya zote kuwa za aina moja.

Milazo tutairudisha hivi, ila hatua hii ifanye ukishaupa mswada mitindo ya aya tunayoitengeneza hapa chini, kwa sababu ukiipa mtindo aya ambayo karibu yote iko kwenye mlazo, Word huufuta mlazo huo. Kwenye Ctrl+H bofya More, weka tiki kwenye Use wildcards, andika hivi, mstari wa juu kwenye Find what na wa chini kwenye Replace with:

```
\[\[(*)\]\]
\1
```

Ukiwa bado kwenye Replace with bonyeza Ctrl+I, kisha Replace All. Mabano yameondoka na mlazo umerudi. Toa ile tiki.

Sasa mitindo. Msiweke mwingizo wa aya kwenye Normal. Wengi hufanya hivyo, na kwa kuwa Heading 1 hurithi kutoka Normal, vichwa vyao vya katikati husukumwa kulia kidogo na hawajui kwa nini. Tengeneza mtindo wako: fungua dirisha la Styles, bofya New Style, uite Aya. Kwenye Format, Paragraph, weka Special iwe First line, sentimita 0.5, na nafasi ya Before na After iwe 0. Chagua mswada mzima, upe mtindo Aya. Tengeneza na mwingine uite Ubeti, usio na mwingizo wa mstari wa kwanza lakini wenye Left sentimita 1, na mwingine uite Pumziko, wa katikati, kwa zile nyota.

Vichwa. Weka kishale kwenye "SURA YA KWANZA", bonyeza Ctrl+Alt+1, imekuwa Heading 1. Kama imeandikwa kwa herufi kubwa tupu, ichague na ubonyeze Shift+F3 mpaka ikae vizuri. Sura ya tatu ina mistari miwili, "Sura ya Tatu" na chini yake "Barua ya Mjomba". Ukiipa yote miwili Heading 1, Yaliyomo yatahesabu sura mbili. Iunganishe: "Sura ya Tatu: Barua ya Mjomba". Utangulizi na Shukrani navyo vipe Heading 1. Jina la kitabu lipe Title.

Kisha bofya Heading 1 kwa kitufe cha kulia, Modify, Format, Paragraph, Line and Page Breaks, weka tiki kwenye Page break before. Sura zote 14 zimehamia kurasa zao kwa tiki hiyo moja. Fungua View, Navigation Pane, usome orodha ya kushoto. Ukiona aya nzima imo humo, uliipa Heading 1 kwa bahati mbaya. Ukiona sura haimo, hukuipa.

Yaliyomo ya zamani, yale ya nukta nukta na namba za kurasa, yafute. Kitabu pepe hakina kurasa za kudumu. Nenda References, Table of Contents, Custom Table of Contents, toa tiki ya Show page numbers, weka Show levels 1. Kichwa "Yaliyomo" usikipe Heading 1, la sivyo kitajiorodhesha chenyewe. Ukibadilisha jina la sura baadaye, bofya ndani ya orodha, bonyeza F9, chagua Update entire table.

Kugeuza natumia Calibre, ni ya bure. Lakini jueni kwamba ikiachwa na mipangilio yake ya mwanzo, inatambua mwanzo wa sura kwa kutafuta maneno ya Kiingereza kama chapter na part kwenye vichwa. "Sura" haiijui. Kwa hiyo kwenye Structure detection na kwenye Table of Contents, Level 1, andika `//h:h1`, na lugha ya kitabu ichague Swahili. Mnaopenda kuandika amri, yote ni hii:

```
ebook-convert riwaya.docx riwaya.epub --chapter "//h:h1" --level1-toc "//h:h1" --language sw
```

EPUB, yaani faili la kitabu pepe, ikitoka ihamishie kwenye simu. Yaliyomo ni mawili, jaribu yote: ukurasa wa Yaliyomo ndani ya kitabu, na orodha inayofunguka kwenye menyu ya kisomeo. Bofya sura ya kwanza, ya 7 na ya mwisho kwa kila moja. Kisha kuza herufi mpaka mwisho, fungua lile shairi la sura ya 6 na usome mistari yake yote minne. Ukikuta kosa, usilirekebishe ndani ya EPUB. Rudi kwenye faili la Word, rekebisha mtindo, ugeuze upya.