Pro rata, sawa, lakini umegawa kwa siku ngapi?

Asalaam aleykum jamani. Wale wa nyuma sogeeni mbele, feni la huko halizunguki. Najua wengine mshanisikia na kisa hichi kule Wete, na hapa Chake ni mara ya pili, lakini mtanivumilia maana kila nikisema sasa nakiacha naletewa mkataba mwengine una kosa lile lile.

Nimeambiwa niseme Kilatini cha makaratasi, per capita, pro rata na per diem. Per diem hiyo mnaijua nyote, hata asojua kusoma anaijua (kicheko). Mie naanza na pro rata, ndo inayokula hela za watu kimya kimya. Hiyo "rata" maana yake iliyohesabiwa, yaani unalipwa kwa kadiri ya sehemu iliyohesabiwa. Sasa imehesabiwa vipi? Neno lenyewe halisemi, na hapo ndo watu wanapoumia.

Mtoto wa dada yangu kapata kazi hoteli moja kule Unguja, mshahara laki sita kwa mwezi, kaanza Jumatatu 17 Februari 2025, wiki siku sita, Jumapili mapumziko. Mkataba umeandika mwezi wa kwanza atalipwa pro rata, basi, hakuna neno jengine. Mwisho wa mwezi kapata 220,000. Kanipigia, "Mjomba, hii hesabu sawa?" Nkamwambia kaombe wakuoneshe kwenye kompyuta, kanitumia picha:

```
=600000*11/30
```

Itazameni vizuri. Kumi na moja ni siku alizoingia kazini kuanzia tarehe 17 mpaka 28, Jumapili wameitoa. Thelathini ni siku za mwezi, tena mwezi ambao haupo, maana Februari ile ilikuwa na siku 28. Juu wameweka siku za kazi, chini wakaweka siku za kalenda! Ukitaka kuijua fomula kama nzima, mpe mtu aliyefanya kazi mwezi mzima uone inarudisha laki sita au hairudishi. Februari ile siku za kazi zilikuwa 24. Ishirini na nne kwa thelathini inatoa 480,000, kwa hiyo hata asiyekosa siku hata moja anakatwa laki na ishirini. Hapo huhitaji mwanasheria.

Ukigawa siku za kazi kwa siku za kazi, 11 kwa 24, anapata 275,000. Ukigawa kalenda kwa kalenda, 12 kwa 28, anapata 257,142. Zote mbili halali, zote zinapita mtihani wangu, na ndo maana nasema lazima iandikwe ipi.

Sasa kuna bwana atasema, sie tunatumia 30 kila mwezi, ndo desturi ya ofisi. Sawa, lakini unajumlisha au unakata? Siku 12 alizokuwepo kwa 30 ni 240,000. Ukianza na mshahara mzima ukakata siku 16 ambazo hakuwepo, anabakiwa na 280,000. Thelathini ile ile, mtu yule yule, tofauti elfu arubaini! Kwa sababu 12 na 16 ni 28, zile mbili zilizobaki hazina mwenyewe, atazichukua yule anayeshika kalamu. Na msinambie elfu arubaini hela ndogo, kama ndogo mbona hamzitoi?

Kijana karudi na karatasi, mhasibu kaitazama kimya, kaongeza 37,142 zikafika zile 257,142 za kalenda, akasema "samahani, ndo fomula nlioikuta". Nliyoikuta! Sijui wangapi washapita humo.

(Nimeletewa kikaratasi, dakika tano.) Haya per diem, kwa siku. Ulizeni siku ni nini. Umetoka Mkoani kwa boti Jumanne asubuhi umerudi Alkhamisi, hizo siku tatu au masiku mawili? Mwenye bajeti anahesabu masiku, msafiri anahesabu siku, wanagombana baada ya safari badala ya kabla. Andikeni "kwa kila usiku wa kulala nje ya kituo", na siku ya kurudi semeni inalipwa nusu au hailipwi. Na kama semina inatoa chakula, semeni kinakatwa au hakikatwi.

Per capita naiacha, yaani kwa kichwa... Ah, moja tu. Sensa ya 2022 Zanzibar tulikuwa 1,889,773. Mtu akikuletea bajeti ya mwaka huu kaigawa kwa vichwa hivyo, muulize waliozaliwa tangu siku ile kawaweka wapi, maana vichwa vikiwa pungufu kila kichwa kinaonekana kina hela nyingi kuliko kilizonazo.

Naam dada, swali? Kodi ya duka? Ndio, kodi nayo hivo hivo, umehama tarehe ngapi na mkataba umeandika vipi? "Pro rata" tu? Haya, njoo nao hapa mbele tuutazame.